Ukuta mmoja wa sebule: wolpepa au plasta ya mikwaruzo?

*"Fundi, habari ya kazi. Nimepanga nyumba ya vyumba viwili hapa Migosi, Kisumu. Nataka kupamba ukuta mmoja wa sebule, ule wa nyuma ya televisheni. Upande wa pili wa ukuta huo ni bafu. Upana ni mita 4, na kutoka sakafuni hadi dari ni mita 2.7. Mwenye nyumba amekubali, ila siku ya kuhama ukuta uwe ulivyokuwa, la sivyo atakata dipoziti. Nadhani nitakaa miaka mitatu hivi. Nina shilingi 20,000. Niweke wolpepa au plasta ya mikwaruzo?"* – Mwalimu, Kisumu

Mwalimu, salamu. Weka wolpepa, lakini usiiweke kwenye ukuta huo kabla hujaupima unyevu, na usikubali kuuziwa wolpepa yoyote tu. Nitaanza na siku ya kuhama, kwa sababu hapo ndipo hesabu yako inapoamuliwa.

Siku ya kubandika, vitu hivi viwili havipishani sana kwa bei. Plasta ya mikwaruzo ninayoizungumzia ni ile ya akriliki inayokuja tayari kwenye ndoo, yenye chembe za mawe ndani, ambayo fundi huipaka kwa mwiko kisha huisugua kwa mwiko wa plastiki hadi chembe zile zikwaruze michirizi. Ile yenye chembe ndogo hula takribani kilo 2 kwa kila mita ya mraba. Ukuta wako una mita za mraba 10.8, kwa hiyo ndoo moja ya kilo 25 inatosha na kubaki kidogo. Kwa bei ninazonunulia mimi hapa mjini, ndoo ni kama 6,500, praima lita 4 ni 2,400, fila na msasa na selotepu 600, na ufundi 4,000. Jumla 13,500. Wolpepa ya kiwango cha kati kwa ukuta huohuo inanitoka kama 14,300, nitakuonyesha hapa chini. Bei zitapanda na kushuka kulingana na duka, lakini tofauti ya siku ya kwanza ni ndogo mno, isikupeleke upande wowote.

Sasa fikiria umepata uhamisho. Plasta ya akriliki ikishakauka haing'oki. Ukijaribu kuigonga kwa patasi itatoka na vipande vya plasta ya saruji iliyo chini yake, na hapo umejitafutia deni. Njia yake ni kuizika. Fundi anakwaruza ncha zote zilizochomoza, anapaka praima, anapiga skimu mkono wa kwanza kuziba mabonde, anasubiri ikauke, anapiga mkono wa pili, anapiga msasa, anarudia praima, ndipo anapaka rangi mara mbili. Mabonde yenye kina cha milimita 2 au 3 hunywa skimu kweli, hesabu mifuko miwili ya kilo 20 au 25. Kwa kazi ya siku tatu mimi ningekutoza 4,500, msaidizi 2,400, skimu 2,400, praima 2,000, rangi 2,800, msasa na nailoni ya kufunika vitu 700. Hiyo ni 14,800, zaidi ya gharama ya kuiweka. Ukijumlisha kuingia na kutoka, plasta imekula 28,300. Ndiyo maana nakwambia, kwa mpangaji wa miaka mitatu, plasta haifai hata kama unaipenda.

Ungekuwa kwenye nyumba yako mwenyewe ningesema kinyume. Plasta ile inastahimili migongo ya viti na mikono ya watoto, inaficha ukuta uliopinda kidogo, na ukichoka na rangi yake unapaka nyingine juu kwa rola ya manyoya marefu bila kubomoa chochote. Kasoro yake ni vumbi linalokaa kwenye michirizi, na kwamba ikichubuka kiraka huonekana daima, kwa sababu mkono wa fundi wa pili haufanani na wa kwanza.

Kuhusu ukuta uliouchagua: ukuta unaopakana na bafu ndio ninaouogopa kuliko wote. Bomba la maji ya kuogea mara nyingi limechimbiwa ndani yake, na viungo vya vigae vikianza kupitisha maji, unyevu husafiri polepole hadi upande wa sebule. Ukuta uliopakwa rangi ya maji hupumua, unyevu ukatoka bila wewe kujua. Wolpepa nyingi zina uso wa vinili, yaani plastiki, na plastiki haipitishi mvuke. Unyevu unakwama nyuma yake pamoja na gundi, na huko ndiko ukungu mweusi unakozaliwa. Utaanza kusikia harufu ya kabati la nguo mbichi kabla ya kuona doa lolote. Kisha kiungo kati ya vipande viwili kinafunguka kama mdomo, kwa kawaida karibu na sakafu.

Kuna kipimo ambacho hakigharimu kitu. Kata nailoni angavu, ile ya kufunikia vitabu inatosha, kipande cha nusu mita kwa nusu mita. Ibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, usiache hewa ipite. Bandika kimoja kama sentimita 20 juu ya sakafu na kingine usawa wa kifua, pale unapodhani bomba limepita. Viache siku nzima na usiku wake, watu wakioga kama kawaida. Kesho yake angalia. Ukiona matone au ukungu upande wa nailoni unaogusa ukuta, au ukuta pale umekuwa mweusi kidogo kuliko pembeni, maji yanatoka ukutani. Achana na ukuta huo na umwambie mwenye nyumba kuhusu bomba. Ukiona umande upande wa nje, ule unaoelekea chumbani, hiyo ni hewa ya chumba tu. Fungua madirisha, haina neno.

Hata ukipita kipimo hicho, ningekushauri usogeze televisheni kwenye ukuta unaopakana na chumba cha kulala, kama upo. Bomba lililo zima leo linaweza kupasuka mwaka ujao, na wolpepa itakuwa pazia linalokufichia. Kwa huku kwetu kuna jambo lingine linalofichwa hivyohivyo, nalo ni mchwa. Mchwa hupenda karatasi, na hupenda zaidi karatasi iliyo karibu na unyevu. Kwenye ukuta mtupu unaona njia yao ya udongo ikipanda kutoka sakafuni siku ileile. Nyuma ya wolpepa unakuja kuona siku umeigusa ikabonyea. Kabla ya kubandika, kagua mstari ambapo ukuta unakutana na sakafu, ziba kila ufa, na ukiona njia ya udongo hata iliyokauka, shughulikia mchwa kwanza.

Nyufa nazo uzitazame. Ukikaa upande wa Nyamasaria kuelekea uwanda wa Kano, udongo ni ule mweusi unaovimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, na kuta hufuata mwendo wake. Migosi si kila mahali kuko hivyo, lakini ukiona ufa, weka alama ya penseli kwenye ncha zake mbili na uandike tarehe. Ufa ukivuka alama baada ya mvua, huo ni ufa unaotembea. Wolpepa itaufunika wiki chache kisha itakunja au kupasuka juu yake, na plasta ya mikwaruzo itapasuka vilevile. Ufa uliotulia unazibwa kwa fila na kusahauliwa.

Sasa aina ya wolpepa. Madukani utakutana na tatu. Ya kwanza ni ile yenye gundi yake nyuma, unang'oa karatasi na kubandika kama stika. Ni rahisi, na ndiyo inayoumiza wapangaji wengi. Gundi ile haiyeyuki kwa maji. Kwa joto la Kisumu inazidi kulainika na kushikana na rangi mwezi hadi mwezi, na siku ya kuivuta rangi ya nyumba inakuja nayo vipande vipande, hasa nyumba za kupanga ambazo hupakwa rangi ya bei ya chini iliyochanganywa maji mengi. Jaribu mwenyewe: bandika selotepu pana ukutani, isugue vizuri kwa kidole gumba, kisha ivute kwa ghafla. Ikirudi na rangi mgongoni, wolpepa ya stika itafanya hivyo kwa ukuta mzima.

Ya pili ni ya vinili yenye mgongo wa karatasi ya kawaida. Ni nzuri, lakini siku ya kutoka uso wa plastiki hutoka na karatasi ya nyuma hubaki ukutani, nayo unailoweka na kuikwangua. Ya tatu ndiyo nataka uitafute: mgongo wake si karatasi bali ni kitambaa cha nyuzi zilizoshindiliwa, ukiushika unafanana na barakoa ya hospitali. Chana kona ya sampuli dukani. Ikichanika ikiacha nyuzi kama pamba, ndiyo yenyewe. Hii haivimbi ikipata maji, kwa hiyo gundi hupakwa ukutani na karatasi hubandikwa ikiwa kavu. Na siku ya kutoka, kama ukuta ulitayarishwa, unashika kona ya chini na kuivuta kwenda juu, kipande kizima kinatoka kikavu.

Usitegemee maneno ya muuzaji, soma lebo ya roli. Kuna michoro midogo. Brashi iliyochorwa kando ya ukuta ina maana gundi hupakwa ukutani. Karatasi inayojikunja ikitoka ukutani yote ina maana inavutika kavu, na kama mchoro unaonyesha tabaka moja likibaki nyuma, hiyo ni aina ya pili. Mawimbi ni uoshaji: wimbi moja ni kupangusa kwa upole tu, mawili inaoshwa, matatu inaoshwa zaidi. Nusu jua na jua zima ni uwezo wa kustahimili mwanga. Kama dirisha lako linatazama magharibi na jua la jioni linapiga ukuta huo, nunua yenye jua zima, la sivyo baada ya mwaka utahamisha televisheni na kukuta kivuli chake kimebaki ukutani.

Kwenye idadi ya roli ndipo watu hukosea zaidi. Roli ya kawaida ina upana wa sentimita 53 na urefu wa mita 10, yaani mita za mraba 5.3. Ukuta wako ni 10.8. Muuzaji atagawa haraka na kukwambia roli mbili. Kataa. Wolpepa huhesabiwa kwa vipande vinavyosimama kutoka dari hadi sakafu. Mita 4 ukigawa kwa 0.53 unapata saba na nusu, kwa hiyo unahitaji vipande 8. Kila kipande ni mita 2.7 na sentimita 10 za kukata juu na chini. Roli moja inatoa vipande vitatu, kwa hiyo roli mbili ni vipande sita tu, na utabaki na sentimita 82 za ukuta zikikutazama. Unahitaji roli 3. Ikiwa ina maua yanayojirudia kila sentimita 64, kila kipande kitakatwa mita 3.2 ili maua yakutane, vitatu ni 9.6, na roli tatu bado zinatosha. Hakikisha namba ya toleo kwenye lebo zote tatu ni ileile. Roli za matoleo tofauti zinaweza kupishana rangi kidogo, na ukutani kidogo hicho kinaonekana kutoka mlangoni.

Kwa kazi niliyoimaliza karibuni ya ukubwa kama wako, roli 3 za 2,600 zilikuwa 7,800, gundi ya unga pakiti moja 500, praima lita 4 kwa 2,400, fila na msasa 600, ufundi 3,000. Hiyo ndiyo 14,300 niliyoitaja. Kutoka kwake nakadiria ufundi 1,500, rangi lita 4 kwa 2,800, fila na msasa 500, yaani 4,800. Kuingia na kutoka ni 19,100, na pesa yako inabaki na chenji. Hiyo 4,800 iweke kando tangu sasa.

Katika orodha hiyo kitu ambacho watu hukata ili kuokoa pesa ni praima, nacho ndicho kinacholinda dipoziti yako. Mwaka 2018 niliitwa Nakuru, upande wa Section 58, kuondoa wolpepa kwenye chumba kilichokuwa kimepigwa skimu mpya. Aliyebandika alipaka gundi moja kwa moja juu ya skimu. Skimu ile ni unga, inanyonya gundi kama mkate unavyonyonya chai. Nilipovuta kipande cha kwanza nilisikia mlio wa kupasuka, na nyuma ya karatasi ilikuja ngozi nyeupe ya skimu yenyewe, nene kama ganda la yai. Nilijaribu kulowesha, nikazidisha, kwa sababu maji yaliyeyusha skimu kabla ya kuyeyusha gundi. Ukuta ulibaki na viraka vya saruji ya kijivu na tulianza skimu upya. Mwenye nyumba aliniuliza kwa nini kuondoa karatasi kunagharimu kuliko kuiweka, na jibu lilikuwa lita nne za praima ambazo hazikununuliwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukuta uoshwe vumbi na mafuta, ukauke. Sugua kiganja ukutani, kikiwa cheupe rangi ni ya chaki, na praima inahitajika zaidi. Paka praima ya akriliki ya kuziba mara mbili, ya pili baada ya ya kwanza kukauka kabisa, kisha uache usiku kucha. Tone la maji likikaa juu ya ukuta bila kunywewa, ukuta uko tayari. Gundi iwe ile ya unga inayochanganywa na maji, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Kuna fundi atakayetaka kuongeza gundi nyeupe ya mbao ili ishike zaidi. Mkataze, hiyo itashika hata siku ya kuhama. Kipande cha kwanza kisimamishwe kwa timazi, si kwa kona, kwa kuwa kona za nyumba nyingi hazijanyooka. Na funga madirisha na feni hadi kesho yake, upepo ukikausha kingo haraka kuliko katikati, viungo vinafunguka.

Kabla ya hayo yote, piga picha ukuta ulivyo, na umwombe mwenye nyumba jina na namba ya rangi aliyotumia. Kama hajui, kwangua kipande cha ukubwa wa sarafu nyuma ya mlango ukipeleke dukani wakusawazishie. Makubaliano yenu yawe kwenye ujumbe wa simu, na yaseme ukuta utapakwa rangi upya kutoka kona hadi kona. Rangi mpya haitafanana kabisa na ya zamani iliyopauka, lakini macho hayaoni tofauti hiyo pale kuta mbili zinapokutana. Katikati ya ukuta wataiona mara moja.

Siku ya kutoka, zima umeme kwenye meni switchi ufungue vifuniko vya soketi. Anza kona ya chini, vuta polepole karatasi ikiwa imejikunja karibu na ukuta, usiivute kuelekea kwako. Ikikataa mahali, usilazimishe: lowesha kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, subiri dakika 15, kisha pitisha skrepa pana ikiwa imelala. Mabaki ya gundi utayahisi yakiteleza chini ya kiganja chenye maji. Yaoshe kwa sponji na maji safi mara mbili, kwani rangi ikipakwa juu ya gundi iliyobaki hupasuka vijipande kama matope ya kiangazi. Uache ukuta siku mbili ukauke kabla ya kupaka.